Birika Limehamia kwa Sesilia

Pale Madale, ukishapita stendi ya bodaboda na kuanza kupanda kilima, kila mtu anamjua Tupokigwe wa chai. Mwanamke wa Tukuyu huyo, kakulia mashambani kwenye majani ya chai kabisa, kwa hiyo usimwambie kitu kuhusu chai. Asubuhi anashuka stendi na chupa zake mbili kubwa, moja ya rangi, moja ya maziwa, na bodaboda wote wanamwita "Dada Tupo" kwa heshima ambayo mama zao wenyewe hawaipati. Ananusa majani ya dukani, anakuambia haya yamekaa ghalani. Ananusa chai ya mwenzie, anakuambia tangawizi imetiwa na mtu mwenye haraka.

Sasa mtu wa namna hiyo, mchukulie birika lake umpe mwingine. Halafu kaa pembeni uangalie.

Lile birika halikuwa lake hasa. Lilikuwa la jumuiya. Wale waumini wa kilimani, kila Jumamosi wanasali nyumba mojawapo, na chai ya kila mahali inapikwa kwenye birika moja kubwa la aluminiamu, zito kama dhambi. Utaratibu wao ni kwamba birika linakaa nyumbani kwa mpika chai. Anayekaa na birika ndiye mpika chai, na mpika chai siku ya somo wa jumuiya, yaani sikukuu ya mtakatifu wao, anakaa meza ya mbele na padri. Miaka yote birika limekaa jikoni kwa Tupo, juu ya kabati, mdomo umeangalia dirishani. Alikuwa amelizoea mpaka akawa analisalimia.

Na sasa lilikuwa kwa Sesilia. Nyumba ya tatu tu kutoka kwake! Angalau lingepelekwa Manzese huko, asingeliona. Lakini hapana, akisimama nyuma ya banda la kuku wake na kunyanyua kisigino kidogo, analiona kabisa limeanikwa uani kwa Sesilia, linang'aa kama bibi harusi.

Na alikuwa ananyanyua kisigino. Kila siku. Mume wake, Isack, karani mmoja mpole wa bohari la makontena kule Kurasini, alimkuta pale bandani asubuhi moja kabla hajaenda kazini.

"Tupo, unalisha kuku au unalinda mpaka?"

"Nalisha kuku."

"Kuku wako huku chini, mama. Wewe unatazama juu."

Tupo akamwaga pumba kwenye lile sahani lao jeusi la duara, akawafukuza waliokuwa wanapigana, akasema, "Kalisugua tena. Jana kasugua, leo kasugua. Birika hilo au kiatu cha mwanajeshi?"

"Si bora linang'aa?"

"Wewe upo upande gani, Isack?"

Isack akaangalia saa, akakumbuka kwamba ana gari la kuwahi.

Tukiacha utani, lile birika liliondoka kwa kosa lililotokea hadharani. Jumamosi ile zamu ya kusali ilikuwa kwa Tupo mwenyewe. Kiangazi kimekaza, bomba la mtaa linatoa upepo tu, tenki limebaki na maji ya kuzuia aibu. Akaita boza, gari la kuuza maji. Boza likaja, likapitisha mpira juu ya tenki, likamwaga maji kwa fujo, likaondoka. Wageni wako njiani, nyimbo zinakaribia, Tupo akafungua bomba hapohapo, akajaza birika, akabandika.

Chai ikatoka na rangi ya tofali. Akaongeza maziwa. Ikawa tofali lenye maziwa. Akaongeza tangawizi mpaka mtaa ukanukia, lakini chini ya tangawizi kulikuwa na kitu kingine, harufu ya bwawa, ile ya majani yaliyolala majini.

Mzee Apolinari, mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu mstaafu, mtu asiyependa kumuudhi hata mbu, alikunywa funda la kwanza akafumba macho kama anasali. Funda la pili akasali kweli. Mwisho wa kikombe kukabaki tope laini. Wengine waliacha vikombe chini ya viti, kiustaarabu, kama mtu anayeacha mtoto kwa bibi.

Sesilia ndiye aliyefungua mdomo. "Dada Tupo, leo chai umepika au umejenga?"

Watu walicheka. Utani wa kawaida tu, Sesilia ndivyo alivyo, mshona nguo mwenye mdomo wa cherehani. Lakini wiki iliyofuata Mzee Apolinari akaja na kofia mkononi, akazungukazunguka maneno, akasema birika likapumzike kidogo kwa Sesilia, "kwa ajili ya maji tu, mwanangu, si kwa ajili yako." Na siku ya somo imekaribia. Kama birika litakuwa bado kule siku hiyo, basi limehamia moja kwa moja. Ndivyo ilivyo siku zote, aliye nalo kwenye somo analo mwaka mzima.

Kilichomuuma Tupo zaidi ni hesabu iliyokataa kukubali. Boza lililomwaga kwake ndilo lililomwaga kwa Sesilia. Siku hiyohiyo, dereva huyohuyo, mpira uleule!

"Maji mamoja," alimwambia Isack wakila. "Kwake yawe kioo, kwangu yawe mlenda. Kuna kitu."

"Labda tenki letu chafu."

"Tenki lina uchafu gani? Maji ni maji. Yanajisafisha yenyewe humo ndani."

Isack akatafuna taratibu. Alitaka kusema kwamba tangu wahamie hapo hakuna aliyewahi kuliosha lile tenki, lakini akakumbuka kwamba mnara wa tenki uko upande wake wa kazi, akameza.

Halafu ikaja ile picha. Sesilia akaweka kwenye kundi la jumuiya kwenye simu, birika limesimama uani, jua linapiga, na maneno chini yake: "Chombo cha Bwana kimepata pumziko." Vikopakopa vikamiminika. Mzee Apolinari, ambaye kwa kawaida anaweka kidole gumba kwenye kila kitu hata matangazo ya msiba, akaweka moyo. Moyo mwekundu!

Tupo aliivuta ile picha kwa vidole viwili mpaka birika likajaa kioo. Akatafuta doa. Hakuna. Akasogeza kushoto, akamkagua Sesilia kivuli chake. Akasogeza juu. Na pale juu, nyuma ya birika, kwenye mnara mfupi wa matofali, akaliona tenki la Sesilia na juu yake mfuniko mweusi, umekaa umetulia kama kofia ya mzee.

Akasimama na simu mkononi.

"Isack! Isack njoo! Mfuniko wetu huu!"

Maana la kwao halikuwa na mfuniko. Ulipotea, muda tu, hata hawakumbuki lini. Siku moja boza lilikuja, mfuniko ukashushwa, na baadaye haukuonekana. Tupo akatumia akili, akatafuta beseni la plastiki la bluu lililoanza kupasuka, akafunika nalo mdomo wa tenki, juu akaweka jiwe. Mbona freshi tu.

Isack akavaa miwani. "Mifuniko yote ni myeusi, Tupo."

"Wa kwetu ulikuwa na mchubuko pembeni. Tazama pale."

"Pale ni kinyesi cha ndege."

"Kameza mfuniko, kameza birika. Kesho atakumeza wewe."

"Mie mgumu kumeza," Isack akasema, lakini Tupo alikuwa hachekeshwi. Usingizi wa siku hiyo aliulala upande mmoja tu, upande unaotazama kwa Sesilia.

Jumamosi asubuhi akajifunga kanga mbili, moja kiunoni, moja ya vita. Akaingia kwa Sesilia bila hodi ya maana. Akamkuta Sesilia kwenye cherehani barazani, na Mzee Apolinari kwenye kigoda, anapanga mambo ya somo, mbele yake kikombe cha chai. Chai ya birika lile. Kakishika kwa mikono miwili, kwa raha.

"Shikamoo mzee," Tupo akasema, maana ugomvi ni ugomvi na adabu ni adabu.

"Marahaba mwanangu. Karibu chai."

Hilo ndilo lilikuwa tone la mwisho. Yeye! Akaribishwe chai!

"Sikuja kunywa. Nimefuata mfuniko wangu."

Sesilia akasimamisha mguu kwenye cherehani. "Mfuniko wa sufuria gani, shoga?"

"Wa tenki. Ule pale juu."

Mzee Apolinari akatazama juu, akatazama chini, akaanza kutafuta kofia yake.

Sasa mwanamke mwingine hapo angevua viatu. Sesilia alimtazama Tupo kuanzia kanga ya kwanza mpaka ya pili, akatabasamu tabasamu baya sana, lile la mtu aliyeletewa zawadi mlangoni. "Haya. Tukaupime. Ukikaa sawa kwenye tenki lako, uchukue, na birika uchukue. Mzee shahidi."

"Na usipokaa?" akauliza Mzee Apolinari, ambaye maskini alitaka tu kujua ataandika nini kwenye kumbukumbu zake za kichwa.

"Usipokaa, Dada Tupo atanipikia chai mie. Nimekaa."

Wakatoka msafara. Mbele Tupo, nyuma Sesilia na mfuniko kichwani kama muuza ungo, nyuma kabisa mzee na kikombe chake, hakutaka kipoe. Isack alikuwa nyumbani, siku ya mapumziko, anasoma gazeti la juzi. Alipoona msafara unaingia akaligeuza gazeti kichwa chini akaendelea kusoma.

Mnara wa tenki lao haukuwa mrefu, kitako cha matofali kifuani kwa mtu mzima, na ngazi ya mbao. Tupo akapanda wa kwanza. Akatoa jiwe. Akatoa beseni. Sesilia akampa mfuniko. Akauweka, akauzungusha, ukazama! Ulidumbukia kidogo upande mmoja kama kifuniko cha kikombe kwenye mdomo wa sufuria. Mdomo wa tenki lake ulikuwa mpana zaidi. Kampuni nyingine, saizi nyingine. Akauzungusha tena. Akaugeuza. Akaukandamiza kwa kiwiko.

"Ukiukalia pengine utanyooka," akasema Sesilia toka chini.

Tupo aliacha kukandamiza. Si kwa sababu ya mfuniko. Alikuwa amechungulia ndani, na jua la asubuhi lilikuwa limeingia pamoja na macho yake.

Kuta za tenki, pale juu karibu na mdomo, zilikuwa na manyoya ya kijani, laini, yanachezacheza. Majani ya mwarobaini wa jirani yameelea, yameoza nusu. Vitu vidogo vinajipindapinda juu ya maji, vikiona kivuli vinazama. Na kule chini, maji yalikuwa yamepungua, tope limelala limetulia, jekundu.

Sesilia naye akapanda, akasimama kitakoni upande wa pili, akachungulia. Halafu akasema polepole, "Shoga. Humu ungeweka nazi tu. Kisamvu kimeshaiva."

Tupo akacheka. Hakutaka, kicheko kilimtoroka, na nyuma yake kilitoka kilio kidogo pia, vikachanganyika, akajifuta na kanga ya vita.

"Maji mamoja," akasema. "Boza moja. Kwa nini kwangu?"

"Maji mamoja, lakini lako limelala wazi," Sesilia akasema, na safari hii sauti haikuwa ya kuchoma. "Hilo beseni linapitisha mwanga. Mwanga ukiingia na majani yakiingia, kijani kinapata chumba na chakula, kitalipia nini tena? Na tope ni la boza na kisima, hata kwangu lipo. Linalala chini, bomba liko juu yake kidogo, halikusumbui. Sasa wewe unaliacha tenki linafika chini, boza linamwaga kwa fujo, tope lote linaamka, na wewe hapohapo unajaza birika. Ungesubiri litulie."

"Ulijuaje haya?"

"Si langu lilikuwaga hivyohivyo? Mwaka ule watoto wangu waliumwa matumbo. Nilicheka lini? Ukiniona nacheka ujue nilishalia."

Pale chini, Mzee Apolinari alikuwa amekwenda kuwasalimia kuku, ili awape wanawake nafasi. Alipenda kuku. Aliinama kuwatazama wanavyodonoa pumba, akatikisa kichwa, akavaa miwani, akainama zaidi.

"Isack," akaita. "Hili sahani la kuku mlinunua wapi?"

Gazeti likashuka.

"Maana lina nyuzi pembeni. Kama za kukazia."

Jogoo akapanda katikati ya sahani, akawika.

Kumbe siku ile ya boza mfuniko uliposhushwa, uliwekwa chini kichwa chini, mtu akamwaga pumba kidogo kwa kuwa uko karibu, kesho yake tena, na hivyo hivyo mpaka ukawa mali ya kuku. Na mtu mwenyewe ni nani? Anayelisha kuku kila siku, akinyanyua kisigino, akitazama kwa jirani.

Sesilia alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka ngazi ikaomba msamaha. Tupo alishuka akaenda mpaka bandani, akamwondoa jogoo, akaugeuza mfuniko. Pembeni kulikuwa na mchubuko.

"Mchubuko nilisema upo," akasema.



Siku ile haikuisha kwa maneno. Sesilia alirudi kwake, akaja na brashi lake la mpini mrefu, la nywele laini, na Tupo, pamoja na aibu yote, akajikuta analionea wivu hata hilo brashi. "Hata brashi lake lina mpini mzuri," alimnong'oneza Isack. Isack akamwambia ashike ndoo.

Walifunga bomba la kuingizia, wakafungulia maji yote yakamwagika kwenye migomba. Tope lililobaki chini, ambalo bomba halilifikii, Isack alilichota kwa kopo lililofungwa kwenye fimbo, akalikausha na tambara. Lilitoka ndoo baada ya ndoo, zito, na ndani yake mende, kijani kilichokufa, na kijiko cha chai kilichokuwa kinatafutwa tangu Krismasi. Kuingia mwili mzima ndani Sesilia alikataa katakata. "Humo hakuna hewa, braza. Utaingia mwenyewe utatolewa na watu." Wakasugua kutokea mdomoni, kuta, kona, sakafu, kwa sabuni kidogo ya vyombo, wakasuuza, wakamwaga, wakasuuza tena mpaka maji yakatoka bila povu.

Halafu Sesilia akauliza, "Na maji yakizidi yanatokea wapi?"

Isack akaonyesha bomba fupi ubavuni, karibu na juu kabisa. Lilikuwa wazi, limetazama pembeni, unaweza kupitisha kidole gumba. Ndani yake kulikuwa na mjusi, marehemu.

"Wavu wake uko wapi?"

Isack akajikuna shingo. "Uliziba. Maji yakawa yanafurika juu. Nikautoa."

"Si ulitakiwa uuoshe!" Tupo akasema kwa ukali wa mtu aliyepata mwenzie wa kugawana kosa. Raha aliyoisikia hapo! Wiki nzima alikuwa na kesi peke yake.

Walikata kipande cha wavu wa dirishani, ule mwembamba ambao mbu hapiti, wakafunga kwenye mdomo wa bomba kwa klampu ya kukazia, wakaongeza kiwiko cha bomba ili litazame chini, mvua na vumbi visiingie. Sesilia akamwambia Isack auchungulie wavu na kuuosha kila mwezi, siku ileile anayokwenda kunyoa ili asisahau. Mfuniko nao ulisuguliwa kwa maji ya moto mpaka harufu ya kuku ikakata tamaa, ukakazwa, ukalia krrk. Sauti tamu. Tupo aliufungua tena ili ausikie tena.

Boza likaja, safari hii wakamwambia dereva apunguze kasi. Sesilia akatia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, peke yake, bila kuchanganya na sabuni wala kitu chochote, wakafungua kila bomba la nyumba mpaka harufu ikatoka, wakafunga, wakaacha tenki lilale hivyo. Kesho yake, baada ya misa, wakayamwaga yote, wakasuuza, wakajaza upya. Halafu wakasubiri. Hiyo kusubiri ndiyo ilimtesa Tupo kuliko kusugua. Alikaa karibu na bomba kama mtu anayelinda mgonjwa, mpaka Sesilia mwenyewe aliposema, "Haya, sasa."

Alijaza sufuria, maana birika hana. Maji yakaanguka meupe, ukaona chini mikwaruzo yote ya sufuria. Akabandika, akatia majani, akatia tangawizi kidogo tu, ya mtu asiye na haraka. Mzee Apolinari akaitwa, akaja na uso wa mtu anayeitwa hospitali. Akanywa funda. Akafumba macho. Wote wakaogopa.

"Hii," akasema, "ndiyo niliyokuwa naikumbuka."

Tupo akamtazama Sesilia pembeni ya jicho. Sesilia naye kakishika kikombe, kanywa, kanywa tena, uso umekunjamana kidogo. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu birika lihame, Tupo aliuona wivu ukiwa umekaa uso wa mtu mwingine. Alitamani aupige picha, auweke kwenye kundi.

"Nitakuletea jibirika lako," Sesilia akasema. "Mie chai yangu ni maji ya moto yaliyotiwa rangi, najua. Na limenichosha mikono. Ila siku ya somo meza ya mbele tunakaa wawili."

"Tunakaa wawili," Mzee Apolinari akasema haraka, kabla hawajabadilisha mawazo.

Birika likarudi jioni ileile, juu ya kabati, mdomo umeangalia dirishani. Tupo alilisalimia. Halafu akalisogelea. Lilikuwa linang'aa hivi kwamba aliiona sura yake, pua na yote. Miaka yake yote na birika lile hakuwahi kuliona namna hiyo. Akalitazama muda mrefu, midomo imebana.

"Isack," akaita. "Tuna steelwire ya kusugulia sufuria?"

"Ya nini? Si linang'aa?"

"Linang'aa kung'aa kwake yeye," akasema, akakunja mikono ya gauni, akaanza kusugua upya.

Kuku siku hizi wanakula pumba kwenye beseni la bluu. Na asubuhi akiwamwagia, Tupo bado ananyanyua kisigino kidogo, anatazama kule kwa Sesilia, juu ya mnara, ubavuni. Anautafuta wavu wa bomba la maji yanayozidi. Siku atakayouona umechanika, hata nusu tundu, atakuwa wa kwanza kwenda kumwambia. Na kanga ataivaa moja tu.